Mwendo wa Katikati Humlipisha Mmoja

Kwa miezi minne mimi na dada yangu tulikimbia kwa mwendo ambao haukuwa wake wala wangu. Ulikuwa dakika 7 kwa kilomita. Tuliufikia kama ndugu wanavyogawana chapati: mimi nikiwa peke yangu, nikikimbia kwa raha, huenda dakika 6 kwa kilomita, yeye kwa raha huenda 8, basi tukate katikati, kila mmoja aachie dakika moja. Tuliona ni haki tupu. Kisha asubuhi moja, tukilielekea Daraja la Tanzanite, nilikuwa katikati ya kisa kirefu cha fundi aliyenizungusha wiki mbili kwa kabati lisilokwisha, dada akanikata kauli. "Mdogo wangu," alisema, kwa pumzi mbili, "wewe unasimulia. Mimi nahesabu nguzo za taa."

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Nilichokikuta ni kwamba ile chapati haikukatwa katikati hata kidogo.

Ili kujua mwendo fulani unamgharimu mtu kiasi gani, haitoshi kujua kasi yake. Lazima ujue kasi hiyo ni sehemu gani ya uwezo wake. Kipimo rahisi ni mbio za kilomita 10 alizokimbia kwa nguvu zake zote hivi karibuni. Mimi nilizimaliza kwa dakika 48, yaani dakika 4 na sekunde 48 kwa kila kilomita. Dada alizimaliza kwa dakika 66, yaani 6 na sekunde 36. Mbali na hizo nilihitaji namna ya kukadiria oksijeni ambayo mwili hutumia. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kina kanuni inayotumika sana, na kwa barabara tambarare inafanyika hata kwa kalamu na karatasi: chukua mita unazokimbia kwa dakika moja, gawa kwa 5, ongeza 3.5. Jibu ni mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kanuni hiyo haijui nani ana miguu ya swala na nani anakanyaga kama anatwanga, kwa hiyo ni makadirio. Kwa kulinganisha watu wawili inatosha.

Mimi katika mbio zangu za kilomita 10 nilikuwa nikitumia kama 45. Dada katika zake alikuwa akitumia kama 34. Sasa ule mwendo wetu wa dakika 7 ni mita 143 kwa dakika. Gawa kwa 5, ongeza 3.5, unapata 32. Kwangu mimi 32 ni asilimia 71 ya nilichotumia siku ya mashindano. Kwa dada ni asilimia 95.

Tazama pia mwendo ambao kila mmoja wetu anauita wa raha. Dakika 6 zangu ni asilimia 82 ya mashindano yangu, na dakika 8 zake ni asilimia 84 ya mashindano yake. Hapo ndipo tulipo sawa. Mimi ninayekimbia 6 na yeye anayekimbia 8 tunafanya kazi ileile; tukikimbia 7 wote wawili, mmoja anapunga upepo na mwingine yuko mashindanoni. Kuna njia nyingine ya kulithibitisha hilo. Mhandisi Mmarekani Pete Riegel alichapisha mwaka 1977 kanuni ya kukadiria muda wa mbio ndefu kutokana na mbio fupi. Ukiweka dakika 66 za dada kwenye kanuni hiyo, nusu marathoni yake inatoka saa 2 na dakika 25 hivi, yaani dakika 6 na sekunde 54 kwa kilomita. Kwa hiyo kila Jumatano na kila Jumamosi, kwa miezi minne, dada yangu alikuwa akikimbia kwa kasi iliyopungukiwa sekunde sita tu na kasi yake ya nusu marathoni, huku mimi nikimsimulia habari za kabati.

Swali la pili lilikuwa hili: ikiwa mwendo wa katikati si haki, nani amfuate nani? Hapa hesabu ina upendeleo wa wazi. Dada akinifuata kwenye dakika 6, anahitaji asilimia 109 ya alichotumia katika mashindano yake. Kwa kanuni ya Riegel, kasi hiyo anaiweza kwa kilomita 2 tu, dakika 12, akiwa amejitoa mhanga, kisha basi. Mimi nikimfuata kwenye dakika 8, natumia asilimia 63. Katika saa moja nakwenda kilomita 7.5 badala ya 10. Mimi hukimbia kilomita 40 kwa wiki, hivyo nimepoteza kilomita 2.5, asilimia 6 ya wiki nzima, na siku hiyo miguu imepumzika. Mwenye kasi akipunguza hulipa sarafu. Mwenye mwendo wa polepole akiongeza huuza shamba. Ndiyo maana ukisikia mwenye kasi analalamika kwamba kukimbia na mwenzake mara moja kwa wiki kunamrudisha nyuma, muulize hizo siku nyingine anafanya nini.

Nilijaribu pia ujanja wa kubeba mzigo, ili niende mwendo wa dada na bado nitoe jasho langu. Oksijeni ya kukimbia hupanda takribani sambamba na uzito unaoubeba. Kutoka kiwango cha dakika 8 hadi kiwango changu cha dakika 6 nilihitaji nyongeza ya asilimia 29. Mimi nina kilo 70. Asilimia 29 yake ni kilo 20. Kwa lugha ya nyumbani, ilinibidi nikimbie saa nzima na ndoo ya maji. Nilianza na begi lenye lita sita tu, na kabla hatujafika baharini kamba zilikuwa zimenichubua mabega, na kila hatua magoti yalikuwa yakiuliza mwili huu ni wa nani. Nililimwaga.

Ufumbuzi ulipatikana tulipoacha kugawana kasi tukaanza kugawana muda. Mfano wake safi kabisa ni nenda-rudi. Mnaondoka pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, na saa ikifika dakika 30 kila mtu anageuka pale alipo. Mimi wakati huo niko kilomita 5 kutoka nyumbani, dada yuko kilomita 3 na robo tatu. Anageuka akiwa mbele yangu kwa kilomita 1 na robo, nami naanza kumkimbiza. Kila mmoja akishika mwendo uleule aliokwenda nao, tunafika mlangoni dakika ya 60, wote wawili, kwa wakati mmoja. Hakuna aliyesubiri wala aliyekimbizwa kupita kiasi.

Zaidi ya hapo, nenda-rudi ni mizani. Kama dada alitoka kwa dakika 7 na nusu kwa sababu alijisikia mwepesi, dakika ya 30 inamkuta kilomita 4. Kama kwa kosa hilo miguu imechoka na anarudi kwa 8 na nusu, kurudi kunamchukua dakika 34, na mimi nakaa kizingitini dakika nne nikijua kilichotokea bila kuuliza. Akifika kabla yangu, aidha aliongeza mwendo kurudi au mimi ndiye niliyejidanganya. Katika wiki sita za kwanza nilichelewa mara tatu.

Kasoro yake ni kwamba ni kukimbia pamoja kwa jina. Tunaagana langoni na kuonana tena langoni. Na pale katikati mwenye mwendo wa polepole, ambaye mara nyingi ndiye mwanamke, yuko peke yake, saa kumi na moja alfajiri, na mwenzake yuko mbali kwa zaidi ya kilomita moja. Kwa Dar es Salaam giza la saa hiyo lina mbwa, pikipiki zisizo na taa, na watu wasio na sababu nzuri ya kusimama hapo. Nenda-rudi tunaifanya Jumamosi tu, kumeshapambazuka.

Siku za katikati ya wiki tunatumia kitu ambacho dada anakiita kuchunga mbuzi: mwenye kasi anatangulia, anageuka, anarudi kumchukua mwenzake, kisha anatangulia tena. Watu hulifanya hili kwa kubahatisha, na wakikosea kipimo linaudhi pande zote. Kwa miendo yetu ya 6 na 8, uwiano unatoka mzuri ajabu: nikitangulia dakika 7 kisha nikageuka, tunakutana baada ya dakika 1 kamili. Kila dakika 8 tuko pamoja tena. Ukitaka hesabu ya miendo yenu, tafuta tofauti ya kasi zenu, igawe kwa jumla ya kasi zenu, na jibu ndilo sehemu ya muda uliotangulia ambayo itakuchukua kurudi. Kasi, nasisitiza, ni kilomita kwa saa: zangu 10, zake 7.5, tofauti 2.5, jumla 17.5, yaani moja ya saba. Katika saa moja yeye amekwenda kilomita zake 7.5 bila kubadili chochote, mimi nimekwenda 10.

Kosa la mchungaji ni kugeuka kila baada ya dakika moja, kama mbwa mwenye furaha. Anayefuatwa anaanza kujiona mgonjwa anayekaguliwa, na bila kukusudia anaongeza mwendo kila akikuona unakuja. Dada aliniambia wazi kwamba anapenda nipotee kidogo.

Siku ya kasi ndiyo iliyonishangaza zaidi, maana nilidhani hiyo lazima kila mtu aende kivyake. Kumbe ndiyo siku rahisi kuliko zote, mradi mkimbie kwa dakika na si kwa mita. Wakimbiaji wa Iten, kule Kenya, hukusanyika kwa mamia asubuhi za Alhamisi kwa fatleki, mazoezi ya kupishanisha dakika za kasi na dakika za pole kwenye barabara za vumbi. Jina lilitoka Uswidi katika miaka ya 1930, kwa kocha Gösta Holmér, na kwa lugha yao lina maana ya mchezo wa kasi. Ndani ya kundi kubwa kama hilo hakuna njia nyingine: dakika ni ileile kwa bingwa na kwa anayemfukuzia.

Sisi tunafanya hivi. Dakika 15 za kwanza tunakwenda mwendo wa dada, kwa sababu kupasha misuli moto taratibu mno hakujawahi kumdhuru mtu. Kisha vipande vitano vya dakika 4 kwa kasi ambayo kila mmoja angekimbia nayo kilomita 10 za mashindano, na dakika 2 za kupumzika baada ya kila kipande. Katika dakika 4 mimi nafika mita 833, dada mita 606. Pengo ni mita 227. Filimbi ya saa ikilia mimi nageuka na kurudi kwa kukokota miguu, kama mita 100 kwa dakika. Dada anatembea kuja mbele, kama mita 80 kwa dakika. Tunakutana baada ya sekunde 76, zinabaki 44 za kutembea bega kwa bega, halafu tunaanza kipande kinachofuata mstari mmoja. Tunamaliza na dakika 15 za mwendo wake. Katika saa hiyo tumekuwa pamoja zaidi ya nusu, na hakuna hata mmoja aliyepunguziwa kazi.

Sasa fanya kosa moja dogo uone. Mwenye kasi, badala ya kurudi, anasimama alipofika, anashika kiuno, anasubiri. Mwenzake akitembea mita 227 anahitaji dakika 2 na sekunde 50, kwa hiyo kipande kinachofuata kimeanza bila yeye. Akikimbia pole kwa dakika 8 kwa kilomita, anafika sekunde ya 109, na zimebaki sekunde 11. Aliyehitaji mapumziko hakupata, asiyeyahitaji sana amepumzika dakika mbili nzima. Vikundi vingi huwapoteza watu wao wapya kwa njia hii, na kwa nia njema kabisa: "Tulimsubiri kila mara." Walimsubiri kweli. Walichokifanya baadaye ni kuondoka mara tu alipofika.

Kwa kundi, namba zinabadilika sura. Chukua klabu ya watu 30, ambayo kwa Dar es Salaam si kubwa, yenye watu wa raha wa dakika 5 na nusu hadi dakika 9 kwa kilomita. Nenda-rudi ya nusu saa ingewatawanya kilomita 2.1 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wote wakilazimishwa mwendo mmoja, tunarudi kwenye chapati yangu, ila safari hii imekatwa kwa watu 30. Nimejaribu kutafuta ni tofauti gani inavumilika, na naona ni sekunde 30 kila upande. Karibu na mwendo wa dakika 7, sekunde 30 hubadilisha matumizi ya oksijeni kwa asilimia 6 au 7. Mtu aliyekuwa kwenye asilimia 83 ya mashindano yake anapanda hadi 88 au 89; anahema kidogo, bado anasema sentensi. Mpeleke sekunde 60 na yuko pale alipokuwa dada yangu.

Sekunde 30 kila upande ni upana wa dakika moja kwa kundi. Kutoka 5 na nusu hadi 9 ni dakika 3 na nusu, kwa hiyo makundi manne. Kila kundi linahitaji mtu wa mbele wa kulizuia na mtu wa nyuma wa kulifunga, yaani watu 8 kati ya 30. Hiyo ndiyo bei halisi ya kundi mchanganyiko, na viongozi wengi hawaitaji: zaidi ya robo ya wanachama siku hiyo wanafanya kazi ya wengine. Ikigawanywa kwa zamu, kila mtu analipa Jumamosi moja katika kila nne. Ikiachwa kwa wapole walewale, baada ya miezi michache hawaji.

Kiongozi lazima awe mtu ambaye mwendo huo kwake ni mwepesi waziwazi. Mkenya Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona, alishinda mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa amefungwa kamba na mwongozaji aliyeingia uwanjani akiwa dhaifu kwa ugonjwa. Mwongozaji aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike, asiyeuona mstari, ndiye aliyemkokota kuuvuka. Alipata dhahabu. Kwa klabu yako hakuna dhahabu, kuna mtu wa mbele anayehema kuliko anaowaongoza, ambaye kwa hiyo hasikii wanavyohema.

Kusikia ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko saa ya mkononi, hasa Februari, wakati joto na unyevu wa pwani hupandisha mapigo ya moyo hata miguu ikienda mwendo uleule. Waliosoma shule za Tanzania wanakijua bila kufundishwa: mchakamchaka. Mtu akiweza kuimba, yuko chini kabisa ya kiwango cha hatari. Akiweza kusema sentensi nzima lakini wimbo unamkatika, yuko kwenye mwendo wa raha wa kawaida. Akijibu kwa neno moja moja, ameshatoka. Kundi linaloimba kwa kupokezana linajipima lenyewe: mstari wa nyuma ukiacha kuitikia, mwendo ni mkubwa. Mchakamchaka ulikosea jambo moja tu, kwamba wepesi walizuiwa kila siku, asubuhi zote, hadi wakaanza kukata kona.

Pale ambapo eneo linaruhusu, mzunguko mfupi hufanya kazi ambayo makundi manne hayawezi. Kwenye mzunguko wa kilomita moja hakuna aliye mbali na mwenzake zaidi ya mita 500, haidhuru wamepishana mara ngapi. Mimi na dada tukienda upande mmoja nampita kila dakika 24. Tukienda pande zinazopingana tunakutana kila dakika 3 na sekunde 26, na hilo ndilo tunalolifanya tukitoka alfajiri, kwa sababu zikifika dakika 4 sijamwona, najua nigeuke.

Njia zote hizi zina ukomo. Mmoja akiwa na kasi mara mbili ya mwenzake, mchungaji wa mbuzi anatumia robo nzima ya mazoezi yake akirudi nyuma, na katika fatleki pengo ni kubwa kiasi kwamba mapumziko hayalimalizi. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye yuko hapo: mwendo wake ni wa kutembea haraka, na hana nia ya kuubadili. Jumamosi anakuja na baiskeli. Tukigeuka dakika ya 30 yeye yuko na dada, na chupa mbili za maji kwenye kapu, na mimi nikianza kilomita 1 na robo nyuma yao, nikikaribia namsikia akipiga kengele kila wanapopita watu.